Mafuta ya makonyo yametoka meupe kama tui, nimechuja mara nne bado vilevile. Nakosea wapi?

MkulimaMuheza

Habari za jioni wanajamvi. Niko Muheza, Tanga, upande wa milimani ambako karafuu zinastawi. Msimu huu, badala ya kuuza makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa bei ya kutupa, niliamua kupika mafuta mwenyewe. Mtambo nilichongewa na fundi wa mapipa: pipa la chuma la lita 200, ndani kuna wavu unaoshikilia makonyo yasiguse maji, juu unatoka mrija unaopita kwenye koili iliyozama katika tangi la maji baridi. Mwisho kabisa nimeweka ndoo ya kutenganishia mafuta na maji. Ndoo hiyo nilipewa na rafiki aliyekuwa akipika mchaichai.

Niliweka kilo 20 za makonyo makavu, nikapika kwa muda wa saa 9. Maji yaliyotoka ni kama lita 38, nimeyahifadhi kwenye ndoo mbili. Mafuta niliyopata ni gramu 410 tu, nayo ni mazito, meupe kama tui, na chini ya ule weupe kuna rangi ya kahawia inayoelekea zambarau. Nimeyachuja kwa kitambaa, kwa pamba, kwa karatasi ya kahawa, na mwisho kwa karatasi ya maabara niliyopewa na mwalimu wa sekondari hapa jirani. Yanapita yote na yanatoka vilevile.

Nimempelekea mnunuzi mjini. Kaonja harufu, kaangalia kwenye mwanga, kaniambia nimechakachua. Sijaweka kitu chochote humo. Naomba mnisaidie, nichuje na nini?

FundiJoto

Pole mkuu. Tatizo unachuja kitu kisichochujika. Kila kimiminika kina joto lake la kuchemka. Maji ni nyuzi 100, mafuta ya karafuu ni kama 254. Weka hayo mafuta kwenye sufuria yenye mrija, chemsha mpaka 100 maji yaondoke, kisha pandisha moto mpaka 254 ukusanye mafuta safi. Ndivyo hata gongo linavyopikwa, pombe inatangulia, maji yanabaki.

MamaSabuni_DSM

Mimi ninatengeneza sabuni, na kwetu kitu kikigoma kutengana tunatia chumvi. Weka vijiko vitatu vinne vya chumvi ya mezani kwenye hayo maji meupe, koroga, acha usiku kucha. Mafuta yatajitenga. Nimefanya hivyo na mafuta ya mchaichai ya kutia kwenye sabuni, yalipanda juu asubuhi yakiwa safi kabisa.

Kisima_Kilifi

Niko na shida kama yako ndugu yangu. Kisima chetu maji yake ni ya chumvi, nikajenga chujio la changarawe, mchanga na makaa. Maji yanatoka maangavu hata ukiweka gazeti nyuma ya gilasi unasoma, lakini ukionja chumvi ni ile ile. Nimebadilisha mchanga mara mbili. Wataalamu, niongeze makaa?

Maabara_Moro

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya mafuta ya mimea, kwa hiyo niruhusuni niandike kwa urefu kidogo.

Mkulima, fikiria nazi. Ukikuna nazi ukaikamua kwenye kifumbu, chicha inabaki na tui linapita. Tui lina mafuta ndani yake, mafuta mengi tu, lakini kifumbu hakiwezi kuyazuia kwa sababu yamo katika vitone vidogo vinavyopenya pamoja na maji. Ukipitisha tui hilo kwenye kitambaa kizito litapita vilevile. Chujio linachagua kwa ukubwa wa chembe na kwa ugumu wake: chembe ngumu ikiwa kubwa kuliko tundu inabaki, basi. Kitone cha mafuta ni laini, kinajibana kinapita. Na kilichoyeyuka kabisa, kama chumvi ya ndugu wa Kilifi, hakina chembe ya kuzuiwa hata kidogo. Kwa hiyo Kisima_Kilifi, usiongeze makaa. Makaa yanasaidia harufu na rangi fulani, chumvi yanaiacha ipite.

Sasa swali langu kwa Mkulima kabla ya yote: hiyo ndoo ya mchaichai, maji yanatokea wapi? Juu au chini?

MkulimaMuheza

Shukrani mkuu. Ndoo ina kiwiko cha bomba ubavuni, kinaanzia kama vidole viwili kutoka chini, kinapanda nje halafu kinamwaga kwenye ndoo ya plastiki. Juu kabisa kuna mdomo mdogo wa kutolea mafuta. Kwenye ule mdomo wa juu yalitoka matone machache tu. Yale gramu 410 ni yale niliyoyakuta mle ndani baada ya kuzima moto na kumimina.

Maabara_Moro

Nilihisi hivyo. Ndoo yako imetengenezwa kwa mafuta yanayoelea. Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, yanakaa juu, maji yanatoka chini kwa kiwiko. Mafuta ya makonyo ni mazito. Sehemu kubwa yake ni eujenoli, na lita moja ya eujenoli ina uzito wa kilo 1 na gramu 60 na kitu. Yanazama. Yalipojaza vile vidole viwili vya chini, yaliyofuata yote yaliingia kwenye kiwiko na kuondoka pamoja na maji.

Mafuta yako yamo kwenye zile ndoo mbili za plastiki. Usimwage! Acha zitulie bila kuguswa, halafu mimina maji ya juu polepole sana, uangalie chini.

Yale matone machache yaliyoelea nayo yana maana yake. Makonyo yana pia kariofilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Zamu fulani za upishi mvuke unabeba kariofilini nyingi, basi mafuta ya wakati huo yanaweza kuelea au kubaki katikati. Usiyatupe, ni mafuta halali, yachanganye na mengine.

MzeeWete

Vijana, salamu kutoka Pemba. Huku kwetu makonyo hupikwa kiwandani Wawi, na mimi nimezaliwa na harufu hiyo. Maabara kasema kweli. Mafuta ya karafuu tunayachukua chini, maji yanatoka juu. Mwanangu, kilo 20 za makonyo mazuri hazitoi gramu 410. Hutoa asilimia 5 mpaka 6, yaani kilo moja na ziada. Na saa 9 ni chache. Makonyo ni magumu, mafuta yamejificha ndani ya mti. Uliyatwanga kwanza au uliyaweka mazima?

MkulimaMuheza

Shikamoo mzee. Niliyaweka mazima.

MzeeWete

Marahaba. Yatwange kidogo, yavunjike vipande, yasiwe unga. Ukisaga unga mvuke unatafuta njia moja tu na kuacha kwingine kukavu. Na yapike siku hiyo hiyo uliyoyatwanga.

Maabara_Moro

Nirudi kwa FundiJoto, maana alilosema ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ina hatari.

Ni kweli eujenoli ikiwa peke yake inachemka karibu na nyuzi 254. Lakini jiulize, kama inataka 254, ilitokaje kwenye pipa la Mkulima ambalo maji yake hayazidi 100? Jibu ni kwamba maji na mafuta yasiyochanganyika kila kimoja kinatoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Mikandamizo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa ikalingana na mkandamizo wa hewa ya nje, vyote viwili vinachemka pamoja. Maji yanatoa karibu mkandamizo wote, eujenoli inachangia kidogo mno, kwa hiyo mchanganyiko unachemka chini kidogo tu ya 100. Mafuta yanasafiri yakiwa yamebebwa na maji. Mzigo ni mdogo: kwa hesabu yangu, hata mambo yakienda vizuri kila lita ya maji inabeba gramu 30 na kitu za eujenoli. Ndiyo maana upishi unachukua saa nyingi.

Ukiyaweka mafuta peke yake kwenye sufuria na kupandisha moto mpaka 254, kabla hujafika huko yatakuwa yameungua na kuwa meusi, na mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Kwenye maabara tunapotaka kuyakeneka peke yake, yaani kuyageuza mvuke na kuupoza tena, tunapunguza hewa ndani ya chombo kwa pampu. Hewa ikipungua mpaka kama sehemu moja ya sabini na tano ya kawaida, eujenoli inachemka kwenye nyuzi 120 na kidogo. Bila pampu, mvuke wa maji ndio unaofaa.

Mfano wa gongo pia una kasoro. Pombe na maji vinachanganyika kabisa na vinachemka kwa joto linalokaribiana, 78 na 100. Ndiyo sababu hata ukikeneka mara ngapi kwenye mtambo wa kawaida haupati pombe tupu, maji yanafuatana nayo.

FundiJoto

Nimekusoma mkuu. Hilo la mvuke kubeba mzigo sikulijua, nilidhani pipa linachemsha mafuta yenyewe. Ila bado sijaelewa, kwa nini weupe ule haukuondoka wenyewe ukitulia?

Maabara_Moro

Kwa sababu uzito wa mafuta na maji unakaribiana sana. Mafuta ya kula na maji vinatofautiana vya kutosha, vinaachana haraka. Hapa tofauti ni asilimia tano au sita tu, na kitone kikiwa kidogo kinazama kwa mwendo wa konokono. Halafu kama koili haikupoza vizuri, maji yanatoka ya moto, yanazunguka ndani ya ndoo na kuviinua vitone upya. Mkulima, maji yalikuwa na joto gani yakitoka kwenye mrija?

MkulimaMuheza

Mwanzoni baridi. Kuanzia saa ya nne hivi sikuweza kushika mrija, tangi lilishapata moto na maji ya kubadilisha yalikuwa yameisha.

Maabara_Moro

Basi ndiyo hivyo. Yakitoka ukiweza kuyashika kwa mkono bila shida ni sawa. Yakiunguza, punguza kuni.

Na sasa chumvi ya Mama Sabuni. Dada, kwa mchaichai ushauri wako ni sahihi kabisa, chumvi inayafanya maji kuwa mazito na mafuta mepesi yanapanda upesi. Kwa makonyo vijiko vichache ni dawa inayoongeza ugonjwa. Maji yenye chumvi asilimia 7, yaani kama gramu 75 kwa lita, yana uzito sawa sawa na mafuta haya. Hapo mafuta hayazami wala hayaelei, yanabaki yananing'inia katikati. Akitaka kutumia chumvi aweke nyingi mpaka isiyeyuke tena, karibu gramu 360 kwa lita. Maji yanakuwa mazito kuliko mafuta na mafuta yanapanda juu. Kwa hiyo ama chumvi nyingi kabisa, ama usitie.

MamaSabuni_DSM

Hee, kumbe! Ahsante mwalimu. Sasa nimeelewa kwa nini yale ya mdalasini niliyojaribu mwaka jana yaligoma. Niliweka vijiko vinne kama kawaida, yakabaki mawingu kwa wiki nzima. Nikamlaumu aliyeniuzia.

Kidato2_Mwanza

Samahani kaka zangu na dada zangu, mimi nina swali la kazi ya nyumbani linafanana na hili. Tumepewa maji yaliyochanganywa na unga wa chaki na wino mweusi. Tunatakiwa tupate chaki, tupate maji safi, na tujue wino una rangi ngapi. Mimi nimejibu: chuja, kisha chemsha mpaka maji yaishe. Naona hata mkulima hapo juu angefanya hivyo, achuje halafu achemshe maji yaishe abaki na mafuta. Ni sahihi?

Mwl_Salma

Mwanangu, swali lako ni tofauti na la mkulima. Ukichemsha maji yaishe hewani umeyapoteza, na wewe umeulizwa upate maji safi. Kwa mkulima ingekuwa vibaya zaidi, maana mafuta yake yanaondoka na mvuke. Angebaki na chombo kitupu na nyumba inayonukia karafuu.

Fanya hivi. Chuja kwanza, chaki ibaki kwenye karatasi. Chaki inashika rangi kidogo, kwa hiyo imwagie maji safi ikiwa bado kwenye karatasi mpaka maji yanayopita yasiwe na wino, halafu ianike. Ukianza kuchemsha kabla ya kuchuja, chaki inakaa chini na mchanganyiko unaruka ruka na kumwagika. Maji yaliyochujwa bado meusi, maana wino umeyeyuka. Yakeneke: mvuke wa maji unapanda, unapozwa kwenye mrija, unatoka maji yasiyo na rangi, wino unabaki kwenye chupa. Usikaushe kabisa, rangi zitaungua.

Rangi ngapi? Hapo ndipo kromatografia. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia, chora mstari kwa penseli vidole viwili kutoka chini. Weka nukta ndogo ya wino juu ya mstari, ikauke, rudia mara tatu mahali pale pale. Simamisha ukanda kwenye gilasi yenye maji kidogo, maji yawe chini ya nukta. Kila mwaka wanafunzi wangu wawili watatu wanazamisha nukta ndani ya maji, wino unaingia kwenye gilasi na karatasi inabaki tupu. Na wengine wanachora mstari kwa kalamu ya wino, halafu mstari nao unapanda na kutoa rangi zake, hawajui ipi ni ipi. Maji yakipanda yanabeba kila rangi kwa mwendo wake: inayopenda maji inakwenda mbali, inayoshikamana na karatasi inachelewa.

Nukta isiposogea kabisa usiandike kwamba wino una rangi moja. Huenda ni wino usioyeyuka kwenye maji. Badili maji uweke spiriti, ujaribu upya.

Kidato2_Mwanza

Ahsante sana mwalimu. Mkulima naye si atumie karatasi na maji aone kama mafuta yake yamechakachuliwa?

FundiJoto

Dogo kasema jambo. Mkuu, chukua karatasi ya chujio, weka tone la mafuta, simamisha kwenye maji. Ikitokea nukta moja ni safi, zikitokea mbili yamechanganywa.

Maabara_Moro

Wazo zuri, njia si hiyo. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, kwa hiyo maji yatapanda na kuyapita. Na hata yangepanda usingeyaona vizuri, rangi yake ni hafifu mno. Tena mafuta safi kabisa ya makonyo hayatoi nukta moja, yanatoa kadhaa, kwa sababu ya asili ni mchanganyiko. Nukta nyingi peke yake si ushahidi wa uchakachuaji.

Maabara tunatumia bamba lililopakwa silika nyembamba badala ya karatasi, na badala ya maji tunatumia tolueni yenye etili asetati kidogo, sehemu 93 kwa 7. Kwenye bamba hilo hilo unaweka mafuta unayoyashuku na pembeni yake mafuta unayoyaamini. Likishapanda unalikausha, unalipulizia vanilini yenye asidi ya salfuriki na kulipasha moto. Eujenoli inatokea katikati ya bamba, rangi ya njano inayoelekea kahawia. Kariofilini imekimbia mpaka juu kabisa, inaonekana zambarau. Unalinganisha safu mbili: kuna nukta upande huu isiyokuwepo upande ule? Kazi hii isifanyike jikoni, mvuke wa tolueni ni mbaya kwa mapafu na asidi ile inaunguza.

Kwa nyumbani kuna jaribio rahisi zaidi. Pima mililita 1 ya mafuta kwa sirinji, ongeza mililita 2 za spiriti ya hospitali ya asilimia 70, ile ya maji maji, si jeli. Tikisa. Mafuta ya karafuu yanayeyuka yote na kuwa maangavu. Yakiwa na mafuta ya kula au mafuta ya taa yatafanya ukungu. Ila kwanza yawe makavu, maana maji yakiwemo yanaweza kufanya ukungu pia ukajihukumu bure.

MkulimaMuheza

Nimerudi wakuu. Nimeziacha ndoo mbili tangu juzi. Leo asubuhi nimezimimina taratibu kwa mpira, kama tunavyovuta mafuta ya pikipiki, mpaka nikakaribia chini. Ndoo ya kwanza ilikuwa na mafuta kama kikombe kizima, ya pili nusu yake. Jumla gramu 300 kwa mizani ya dukani! Yamekaa chini kama asali, na ukitikisa ndoo yanatembea polepole yakiwa kitu kimoja. Haya ni ya njano zaidi kuliko yale ya kwanza. Nilitaka kumwaga maji haya siku ile ile, mke wangu ndiye aliyekataa, alitaka kuyatumia kusafishia sakafu.

Swali: maji yaliyobaki bado meupe kidogo na yananukia sana. Yana kitu?

Maabara_Moro

Mshukuru mama. Yana kitu, ndiyo. Eujenoli inayeyuka kwenye maji kidogo, kama gramu 2.5 kwa lita. Lita 38 mara 2.5 ni karibu gramu 95. Hizo hutazipata kwa kutuliza hata ungesubiri mwezi, maana zimeyeyuka, si vitone tena. Ila unaweza kuzirudisha: maji haya yatumie kwenye pipa kwa upishi unaofuata badala ya maji mapya. Yakishajaa eujenoli hayachukui tena nyingine.

Jumlisha sasa: 410 ambazo sehemu yake ni maji, 300 za ndoo, 95 zilizoyeyuka. Tunakaribia gramu 800. Zilizobaki kufika kilo ya Mzee Wete bado zimo kwenye makonyo uliyoyatupa baada ya saa 9.

MzeeWete

Mimi naongeza neno moja juu ya kurudisha maji. Wazee wetu wengine hawakupenda. Walisema maji yakirudi mara nyingi mafuta yananukia moshi moshi.

Maabara_Moro

Mzee, hapo sibishani sana. Nimewahi kunusa hali hiyo kwenye mitambo ambayo maji yanagusa makonyo na kuchemka nayo, uchafu unaungua chini ya pipa. Kwa mtambo wa wavu, maji yakiwa safi, sijaona tofauti. Lakini pua ya mnunuzi ndiyo inayolipa, kwa hiyo Mkulima apike mara moja kwa maji mapya na mara moja kwa yaliyorudi, alinganishe.

MkulimaMuheza

Na ile rangi ya zambarau? Mnunuzi alishikilia hapo zaidi kuliko kwenye weupe.

Maabara_Moro

Hiyo ni chuma. Eujenoli ikikutana na chuma chenye kutu inashikana nacho na kutoa rangi hiyo. Kimeyeyuka, ndiyo maana karatasi ya maabara haikukusaidia. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuyapitisha tena kwenye mvuke, ndani ya chombo cha stenlesi: mafuta yanapanda, chuma hakipandi, kinabaki. Ya pili ni asidi ya sitriki, ile ya fuwele. Yeyusha kidogo kwenye maji, tikisa na mafuta, tuliza, tenganisha. Asidi inakishika chuma na kukihamishia kwenye maji. Jaribu kwanza kwenye chupa ndogo. Juisi ya ndimu usitumie, inaleta nyuzi zake na sukari.

Baada ya hapo kausha. Tafuta sodiamu salfeti kavu kwenye maduka ya kemikali, tia kijiko kwenye mafuta, tikisa. Ikigandamana ongeza, mpaka uone chembe nyingine zinaelea huru kama mchanga. Hapo maji yameisha kunyonywa. Na sasa ndipo chukua ile karatasi yako uchuje, maana una chembe ngumu ndani ya kimiminika. Hifadhi kwenye chupa za kioo, plastiki nyingi zinalainishwa na mafuta haya.

Kisima_Kilifi

Na mimi mbona mmenisahau? Nikikeneka maji ya kisima chumvi si inabaki?

Mwl_Salma

Inabaki, maji yatatoka matamu. Lakini piga hesabu ya kuni. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka megajuli 2.6 hivi. Dumu la lita 20 ni zaidi ya 50. Kwa moto wa mafiga unaopoteza joto jingi, kilo moja ya kuni kavu inakuachia kama megajuli 2.4. Ni kilo 20 na zaidi za kuni kwa dumu moja. Kwa maji ya betri au ya kunywa mgonjwa sawa, kwa familia nzima kila siku hapana. Bora kuvuna mvua, au mtandao wa kijiji mtafute mashine ya kuchuja kwa shinikizo, ambayo utando wake ni wa aina nyingine kabisa na mchanga wako.

MkulimaMuheza

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Ndoo nimebadilisha. Fundi kaziba kiwiko, katoboa sehemu ya juu maji yatokee huko, na chini kaweka koki. Mrija unaotoka kwenye koili nimeushusha mpaka katikati ya ndoo usivuruge mafuta ya chini. Pipa nimepata la stenlesi, la mitumba. Makonyo kilo 20, yametwangwa, muda wa saa 14, maji yale ya zamani. Nimepata gramu 980, njano, unaona kidole upande wa pili wa chupa. Kwenye spiriti yameyeyuka bila ukungu.

Yale ya zamani nimeyatia asidi ya sitriki. Zambarau imeondoka, kahawia imebaki nusu. Nilipoyakausha na kuyachuja, weupe uliisha kabisa, na kwenye spiriti nayo ni maangavu. Lakini nikaweka tone kwenye karatasi nyeupe na kuiacha juani: yale mapya yameondoka yote siku ya pili, ya zamani yameacha duara la kahawia. Nikaogopa, nikadhani ni mafuta ya kula.

Nimepeleka yote mawili maabara ya chuo. Kwenye bamba yametoa nukta zilezile kama mafuta yao ya kulinganishia. Mnunuzi kachukua mapya. Ya zamani bado anakataa, anasema bamba halitoshi.

Maabara_Moro

Hongera sana kwa hayo 980. Lile duara liangalie dhidi ya dirisha. Mafuta ya kula yanaifanya karatasi ipitishe mwanga, kama karatasi ya maandazi. Kama lina rangi tu na karatasi haipitishi mwanga, ni masalia ya rangi yasiyoruka na hewa.

Kuhusu mnunuzi, nasikitika kusema ana hoja kidogo. Mafuta ya taa kwenye bamba lile yanakimbia mpaka juu na kujificha mahali pale pale pa kariofilini. Jaribio la spiriti lingeyaonyesha yakiwa mengi, yakiwa kidogo sana sina hakika. Cha kumaliza ubishi ni kromatografia ya gesi, ambako mafuta yanageuzwa mvuke na kusukumwa ndani ya mrija mwembamba wa makumi ya mita, kila kitu kinatoka kwa dakika yake na unapata asilimia. Uliza bei kwanza. Kwa gramu 600 na kitu za mafuta inaweza isilipe, afadhali uyapitishe tena kwenye mvuke pamoja na mzigo ujao.

MkulimaMuheza

Nimeangalia dirishani. Karatasi haipitishi mwanga, ni rangi tu. Nitayarudisha kwenye pipa Jumamosi.

MzeeWete

Weka makonyo machache humo pamoja nayo, mwanangu. Na uje utuambie harufu.